Tawi la Pili Lisomwe kwa "Ikiwa"

Mwezi wa Juni 2015, wanafunzi wa hapa Uingereza waliokuwa wakifanya mtihani wa hesabu wa GCSE wa bodi ya Edexcel walikutana na swali la pipi za Hannah. Walipotoka tu kwenye chumba cha mtihani, mitandao ilijaa vichekesho na malalamiko, na magazeti nayo yakalidaka. Tukilisimulia kwa Kiswahili, swali lenyewe ni hili. Mfukoni mna pipi n. Sita ni za rangi ya chungwa, zilizobaki ni za njano. Hannah akatia mkono bila kuangalia, akatoa pipi moja, akaila. Kisha akatoa nyingine, akaila nayo. Uwezekano kwamba alikula pipi mbili za chungwa ni 1/3. Onyesha kwamba n² − n − 90 = 0.

Wengi wetu wakati huo tulikuwa bado shule ya msingi, lakini swali hilo halijazeeka. Kila Jumamosi tunapowasaidia watoto wa jumuiya yetu kazi zao za shule, hapakosi mmoja anayelileta, au anayeleta ndugu yake: mfuko wa gololi, droo ya soksi, sanduku la kalamu. Na kila mara tunasikia wimbo uleule waliofundishwa: ukienda kulia zidisha, ukishuka jumlisha. Tunaandika makala haya kwa sababu tunaona wimbo huo unawaharibia watoto kazi, na tunataka chama chetu kiache kuurudia katika masomo ya Jumamosi. Wimbo haudanganyi, ila unasema habari ya namba tu, wakati ugumu wote wa mti huu uko katika maneno ambayo hayaandikwi popote.

Hebu tuangalie neno moja katika swali la Hannah: akaila. Swali halikusema "bila kurudisha". Halikusema kwamba mfuko umepungua. Limesema amekula, basi, na aliyesoma ndiye anayepaswa kujua kwamba kilicholiwa hakirudi mfukoni. Tukiusimulia mchezo huo kwa Kiswahili, kiambishi -ka- kinafanya kazi ambayo mchoro wa mti unafanya kwa mistari. Akatoa, akaila, akatoa tena. Kila -ka- inasimama juu ya mabega ya ile iliyotangulia: huwezi kulihamisha tendo la pili likawa la kwanza na hadithi ikabaki ileile. Mti nao ni hivyo. Matawi ya pili hayaoti ardhini. Yanaota kwenye ncha za matawi ya kwanza.

Mmoja wetu anapinga, na ni haki yake maoni yake yaandikwe hapa. Anasema tunaipamba lugha yetu bure, kwa kuwa Kiingereza nacho kina maneno ya sharti na vitabu vya shule vinayatumia. Ni kweli. Hatusemi kwamba Kiswahili kinajua hesabu kuliko lugha nyingine. Tunachosema ni kwamba watoto hawa wanasikia -ka- nyumbani kila siku, bibi anaposimulia kwenye simu yaliyotokea sokoni, na wanajua bila kufundishwa kwamba jambo la pili limetokea katika dunia ambayo jambo la kwanza limeshaibadilisha. Ujuzi huo wanao tayari. Wakifika kwenye karatasi ya hesabu wanauacha mlangoni.

Sasa tuuchore mti. Tuanze na mfuko ambao idadi yake inajulikana: pipi 10, sita za chungwa na nne za njano. Mara ya kwanza kuna matawi mawili, chungwa 6/10 na njano 4/10. Hapo hakuna anayekosea. Kazi inaanza kwenye tawi la pili, na ndipo tunapoomba kalamu isimame kwanza na mdomo useme: ikiwa la kwanza lilikuwa chungwa, mfukoni sasa mna nini? Mna tisa, tano za chungwa na nne za njano. Kwa hiyo matawi yanayotoka hapo ni 5/9 na 4/9. Halafu tunarudi chini na kuuliza tena, upya, kana kwamba hatujauliza kamwe: ikiwa la kwanza lilikuwa njano, mfukoni mna nini? Mna tisa, sita za chungwa na tatu za njano. Matawi ni 6/9 na 3/9.

```
chungwa 6/10, kisha chungwa 5/9  ->  30/90
chungwa 6/10, kisha njano   4/9  ->  24/90
njano   4/10, kisha chungwa 6/9  ->  24/90
njano   4/10, kisha njano   3/9  ->  12/90
```

Kwa nini tunazidisha? Hili ndilo swali ambalo wimbo hauwezi kulijibu, na tunadhani mtoto asiyeweza kulijibu hajafika popote hata kama jibu lake ni sahihi. Jaribuni hivi. Zipeni pipi zote namba, kuanzia 1 hadi 10, ili kila moja ijulikane. Pipi ya kwanza inaweza kutoka kwa njia 10, na kwa kila njia hiyo ya pili inaweza kutoka kwa njia 9. Jumla ni njia 90, na zote zina nafasi sawa kwa sababu mkono hauoni. Sasa, katika njia hizo 90, ngapi zinaanza na chungwa? Sehemu 6/10 ya 90, yaani 54. Na katika hizo 54, si katika 90, bali katika hizo 54 peke yake, ngapi zinaendelea na chungwa tena? Sehemu 5/9 ya 54, yaani 30. Ndiyo hiyo 30/90, au 1/3.

Angalieni hiyo "ya". Sehemu ya 54, ambayo nayo ni sehemu ya 90. Kuzidisha kwenye tawi ni kuchukua sehemu ya sehemu. Tawi la pili halijui lolote kuhusu zile njia 36 zilizoanza na njano. Hizo zimeshaondoka katika hesabu yake. Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye tawi la pili ni ya sharti, na haina maana ukiisoma peke yake. Ukimwuliza mtoto "5/9 ni uwezekano wa nini?" akajibu "wa kupata chungwa mara ya pili", jibu lake lina kasoro. Ni uwezekano wa kupata chungwa mara ya pili ikiwa la kwanza lilikuwa chungwa. Bila "ikiwa", jibu ni namba nyingine kabisa, nasi tutaifikia baadaye kidogo.

Walimu wetu wengine watasema, na tumewasikia wakisema, kwamba mtoto aliye kwenye mtihani hana muda wa falsafa, atumie kanuni apate alama. Tungekubali kama kanuni ingewapa alama hizo. Shida ni kwamba makosa yanayotokea hapa ni ya aina ambayo kanuni haiwezi kuyaona. La kawaida kabisa ni kusahau kwamba mfuko umepungua: 6/10 mara 6/10, jibu 36/100. Mtoto huyo amefuata wimbo neno kwa neno. Ameenda kulia, amezidisha. Na ukimwambia ahakiki kazi yake kwa kujumlisha ncha zote nne, kama shule zinavyofundisha, atapata 36 na 24 na 24 na 16, jumla 100 juu ya 100. Mti wake umetimia. Umetimia kwa sababu ni mti sahihi wa mchezo mwingine, ule ambao Hannah anairudisha pipi mfukoni kabla ya kutoa ya pili.

Jumla ya 1 basi inakamata makosa fulani tu. Inamkamata mtoto aliyepunguza chungwa kila mahali, akaandika 5/9 hata kwenye tawi linalotoka kwa njano, juu ya 3/9: tano na tatu ni nane, na tawi moja la tisa limepotea. Lakini akiandika hapo 5/9 na 4/9, yaani akinakili matawi ya juu na kuyabandika chini, jumla inatimia tena na hakuna kengele itakayolia. Sisi tunapendelea kipimo kingine, cha kupunguza mfuko hadi ukweli uonekane kwa macho. Chukua mfuko wenye chungwa moja tu kati ya pipi kumi. Uwezekano wa kula chungwa mbili ni ngapi? Mtoto wa miaka saba anajua ni sifuri, maana hakuna chungwa ya pili. Sasa ufanyie mfuko huo kwa njia yako ya kuhesabu. Ukipata 1/10 mara 1/10, njia yako imemlisha Hannah pipi isiyokuwapo. Ukipata 1/10 mara 0/9, uko salama.

Kuna tabia nyingine tunayotaka iachwe, ndogo lakini inasumbua sana: kurahisisha sehemu mapema. Watoto wamezoeshwa kwamba 6/10 ni chafu na 3/5 ni safi, basi wanaisafisha palepale kwenye tawi, na 6/9 wanaifanya 2/3. Hesabu haiharibiki, ila ushahidi unapotea. Asili ya 10 ikifuatwa na asili ya 9 inakuonyesha waziwazi kwamba kitu kimoja kimetoka. Tawi la 2/5 likifuatwa na la 2/3 halisimulii chochote. Anayesahihisha hawezi kujua kama mtoto alifikiri au alibahatisha, wala mtoto mwenyewe akirudia kazi yake hawezi. Tena ncha zote nne zikibaki juu ya 90, kuzijumlisha ni kazi ya sekunde. Anayetaka uwezekano wa kupata rangi mbili tofauti anachukua 24 na 24, anaandika 48/90, na hapo mwisho ndipo asafishe apendavyo.

Turudi kwa Hannah na n yake. Wengi waliochanganyikiwa walishtushwa na ule mlinganyo wa mraba uliosimama mwisho wa swali kama askari mlangoni. Walijaribu kuukokotoa, na sehemu ile ya swali haikuomba hilo. Iliomba hadithi isimuliwe. Mfukoni mna n, za chungwa 6: tawi la kwanza ni 6/n. Akaila. Ikiwa ilikuwa chungwa, zimebaki pipi n − 1 na chungwa 5: tawi la pili ni 5/(n − 1). Sehemu ya sehemu ni 30/(n(n − 1)), na tumeambiwa hiyo ni 1/3. Kwa hiyo n(n − 1) ni 90, yaani n² − n − 90 = 0. Yamekwisha. Ni mti uleule wa mfuko wa pipi 10, ila tawi moja tu limechorwa, na idadi imefunikwa kitambaa. Sehemu iliyofuata ndiyo iliyoomba n itafutwe: ni 10 au −9, na hakuna mfuko wenye pipi chini ya sifuri. Mtoto aliyezoea kuuliza "ikiwa" hasumbuliwi na n, kwa kuwa "toa moja" inafanyika kwa herufi kama inavyofanyika kwa namba. Mtoto wa wimbo anatafuta namba za kuzidisha, hazioni, anakwama.

Sasa ile namba nyingine tuliyoiahidi. Uwezekano kwamba pipi ya pili ni chungwa, bila kujua ya kwanza ilikuwa nini, ni ngapi? Ncha mbili zinaishia na chungwa: 30/90 na 24/90. Jumla ni 54/90, yaani 6/10. Ni sawasawa na pipi ya kwanza! Wengi wanakataa kuamini, wakidhani wa pili lazima awe amepunjwa kwa kuwa mfuko umeshapungua.

Jambo hili lina uzito nje ya darasa, na wenye mama na shangazi wanaocheza upatu watatuelewa. Wanawake kumi wanachanga kila mwezi, na mwanzoni wanaokota vikaratasi ili kujua nani atapokea mwezi wa kwanza. Kikaratasi kimoja tu kina alama. Tumeshuhudia jinsi watu wanavyogombea kutia mkono mwanzo, na jinsi aliyechelewa basi anavyonung'unika kwamba ameachiwa makombo. Uchoreni mti. Wa kwanza ana 1/10. Ikiwa wa kwanza amepata, wa pili ana 0/9. Ikiwa wa kwanza amekosa, jambo lenye uwezekano wa 9/10, wa pili ana 1/9. Sehemu ya 1/9 ya 9/10 ni 1/10. Ile tisa ya juu na ile tisa ya chini zimefutana, na zitaendelea kufutana hivyohivyo hadi kwa mtu wa kumi. Foleni haimpunji mtu yeyote.

Hata hivyo aliyechelewa basi hajakosa hoja kabisa, na hapa "ikiwa" inarudi na nguvu zake zote. Kama kila anayeokota anafungua kikaratasi chake palepale mbele ya wenzake, basi wa pili akitia mkono hayuko tena kwenye 1/10. Yuko kwenye 1/9 au kwenye sifuri, kulingana na uso wa mwenzake. Kabla ya mchezo kuanza wote ni sawa. Mchezo ukiwa umefika katikati, kila habari inayofunguliwa inakuhamisha kutoka kwenye mti mzima kwenda kwenye tawi moja lake. Watu wawili wanaweza kubishana sebuleni mpaka chai ipoe, mmoja akisema 1/10 na mwingine akisema 1/9, wote wakiwa sahihi, kwa kuwa hakuna aliyetaja "ikiwa" yake. Vikaratasi vikifunguliwa kwa pamoja mwishoni, ugomvi huo haupati pa kuanzia.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa Jumamosi zetu. Kwanza mfuko wa kweli, wenye vitu vya kweli, na mtoto atoe cha kwanza akiweke mezani, si kukirudisha. Kisha mti uchorwe kwa maneno matupu, bila namba, kila tawi la pili likiandikwa sentensi yake nzima ya "ikiwa". Namba ziingie baada ya hapo, bila kusafishwa. Neno "zidisha" lije mwisho kabisa, baada ya mtoto mwenyewe kusema "sehemu ya". Tunajua itakula muda. Kipindi kimoja chote kitaishia kwenye mfuko mmoja. Wazazi wanaotaka kuona kurasa zilizojaa majibu watalalamika, na itabidi tuwaeleze.

Pia tusiahidi mti zaidi ya unachoweza. Kutoa mara mbili kunazaa ncha nne, mara tatu nane, mara tano thelathini na mbili, na hapo karatasi imeshachafuka na kichwa kinauma. Kwa michezo mirefu ni afadhali kuhesabu makundi moja kwa moja. Na mfuko ukiwa mkubwa mno, kupunguza moja hakuonekani: zikiwa 6,000 za chungwa kati ya 10,000, jibu la kurudisha ni 0.36 na la kutorudisha ni karibu 0.35998. Lakini mfuko wa pipi kumi si mkubwa, na tofauti ya 36/100 na 30/90 si ya kupuuzwa. Mwenzetu yule mpinzani anasema yuko tayari kuja na mfuko wa pipi za kweli Jumamosi ijayo, kwa sharti moja, kwamba zile zitakazotolewa zisibaki mezani.